Wageni Hawakunywa Maji ya Bomba, na Bado Tumbo Likawauma

Nina nyumba ya wageni ya vyumba saba hapa Jinja. Mimi ni mzaliwa wa Bombo na Kiswahili ndicho tulichokua nacho nyumbani, kwa hiyo wageni wa Mwanza, Bukoba na Kisumu hupenda kufikia kwangu. Miaka yote nilikuwa na tangazo moja juu ya sinki la kila bafu: MAJI YA BOMBA SI YA KUNYWA. TUMIA MAJI YA CHUPA. Mwenzangu mwenye hoteli ndiye aliyenishauri hivyo. Alisema mgeni hasomi maneno mengi, mwandikie mstari mmoja tu, basi. Ushauri ule uliniponza, na bado unanikera.

Ilikuwa msimu wa mvua za Aprili. Familia moja kutoka Mwanza ilikuja harusini, watu wanane. Siku ya tatu, watano hawakuweza kutoka vyumbani. Walikuwa wanaharisha, tumbo linasokota, na mmoja alikuwa na homa. Kwanza nilituma waletewe dawa ya chumvichumvi ya kuongezea maji mwilini, na yule mwenye homa tukampeleka kwa daktari. Kisha nikamwendea bibi wa familia, mtu mzima wa miaka sabini na kitu. Nikamuuliza kwa adabu kama kuna aliyekunywa maji ya bomba. Akanijibu, "Mwanangu, tangazo lako tumelisoma. Hakuna aliyeyagusa."

Nilimwamini, na ndiyo maana sikulala. Nilichukua daftari nikaandika majina ya wote wanane, na mbele ya kila jina nikaandika kila kitu kilichopita mdomoni mwake tangu walipofika. Chakula walikula sahani moja, kwa hiyo hakikutenganisha wagonjwa na wazima. Kilichowatenganisha ni vinywaji. Vijana watatu walikunywa juisi ya pasheni yenye barafu, na wote watatu walikuwa wagonjwa. Mjomba wao hakugusa juisi, alikunywa waragi, lakini na vipande vya barafu ndani yake. Naye mgonjwa. Waliobaki wazima walikunywa chai na soda moja kwa moja kutoka kwenye chupa.

Nikamwita kijana wa kaunta. "Barafu unaitengeneza na maji gani?" Akanijibu bila wasiwasi, "Ya bomba, anti. Si yanaganda? Wadudu wanakufa na baridi."

Mjomba naye alikuwa na imani yake kwamba pombe kali husafisha kila kitu kwenye glasi. Imani zote mbili ni potofu. Baridi ya friza huwalaza vijidudu, na wengi huamka barafu inapoyeyuka. Pombe iliyomo kwenye glasi, tena inayozidi kupungua nguvu kadiri barafu inavyoyeyuka, haina uwezo wa kuwaua kwa muda ule mfupi wa kunywa. Kwa hiyo barafu ihesabiwe kuwa ni maji yaleyale ilikotoka.

Alibaki mgonjwa wa tano, bibi mwenyewe. Hakunywa juisi, hakunywa pombe, na chai aliyokunywa ilichemka mbele yangu. Nikarudi kumuuliza tena, safari hii nikitaja saa moja moja: ulipoamka, ulipopiga mswaki, ulipolala. Tulipofika kwenye kulala akasema, "Nikameza dawa zangu za presha, nikalala."

"Kwa maji gani, bibi?"

Akanitazama, kisha akatazama mlango wa bafu. "Haya ya hapa. Lakini sikunywa, mwanangu. Nilimezea dawa tu."

Siwezi kuapa kwamba glasi ile ndiyo iliyomwangusha. Lakini hapo ndipo nilipoelewa kosa la tangazo langu. Mtu akisoma "si ya kunywa", anafikiria glasi ya maji ya kukata kiu. Barafu kwake si kunywa. Kumezea dawa si kunywa. Kusukutua mdomo baada ya mswaki si kunywa. Kuonja kijiko cha uji wa mtoto uliokorogwa na maji ya sinki si kunywa. Mgeni alitii tangazo neno kwa neno, na maji yakaingia tumboni vilevile.

Sasa nikataka kujua maji yenyewe yanaharibikia wapi, kwa sababu maji ya mjini yanatibiwa kwa klorini kabla ya kuingia kwenye mabomba. Nilipata vichupa vya kupimia kwa jamaa anayefanya kazi ya visima. Vyote kwa pamoja havikufika bei ya katoni mbili za maji. Ndani ya kila kichupa kuna dawa. Unajaza maji hadi kwenye alama, unafunga, unakiacha mahali penye joto la kawaida la chumba kwa siku moja hadi mbili. Maji yakigeuka meusi, yana bakteria wa aina inayohusiana na kinyesi. Hakikwambii ni ugonjwa gani, na kutogeuka kwake si cheti cha usalama, lakini kwa kulinganisha bomba na bomba kinatosha.

Nilijaza vinne. Cha kwanza, bomba la uani lililo karibu na mita, kabla maji hayajapanda kwenye tangi. Cha pili, sinki la bafu. Cha tatu, barafu iliyoyeyukia kwenye chupa safi iliyofungwa. Cha nne, maji yaliyochemshwa, kutoka kwenye chupa ya chai. Kesho yake asubuhi kile cha sinki na kile cha barafu vilikuwa vyeusi kama wino. Vile viwili vingine havikubadilika hata baada ya siku ya pili.

Kwa hiyo maji yalikuwa yanafika kwangu yakiwa mazima, na mimi ndiye niliyekuwa nayaharibu. Nikapanda juu ya paa. Mfuniko wa tangi ulikuwa na ufa wa kupitisha kiganja, na ukingoni palikuwa na kinyesi cha ndege. Tangi jeusi linalopigwa na jua, maji yakikaa humo siku kadhaa, klorini hupotea, na chochote kinachodondokea ndani hakina tena cha kukiua. Tukalimwaga, tukasugua kuta, tukajaza upya. Kwa tangi la lita 1,000 tukatia kama lita moja na nusu ya dawa ya kung'arishia nguo, ile ya klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato. Tukafungua kila bomba mpaka harufu ikatoka, tukafunga, tukaacha usiku kucha bila mtu kutumia. Asubuhi tukamwaga yote na kusuuza mpaka harufu ikaisha. Mfuniko nikanunua mpya. Hata hivyo bado sisemi maji ya tangi ni ya kunywa, kwa sababu usafi wa leo haulindi tangi la mwezi ujao.

Barafu ndiyo niliyoishughulikia kwa ukali zaidi. Jioni tunachemsha maji kwenye sufuria yenye mfuniko. Yakitokota vizuri kwa dakika moja, kwa mwinuko wa Jinja yanatosha. Walio milimani kupita mita 2,000 wayachemshe dakika tatu. Yanapoa yakiwa yamefunikwa, kisha yanamiminwa moja kwa moja kwenye trei. Hakuna kuchota kwa kikombe, maana mkono ulioshika kikombe unarudisha kila kitu ulichokiua. Siku umeme ukikatika na gesi ikiisha, tunatumia kidonge cha klorini cha kutibu lita 20, kimoja kwa jerikani moja ya maji maangavu, tunangoja nusu saa. Lakini amiba na baadhi ya wadudu wenye ganda wanaistahimili klorini kuliko bakteria, kwa hiyo nikiwa na moto nachemsha.

Nikajua pia kwamba kijana wa kaunta akizidiwa na wateja ataikimbilia trei iliyo karibu. Basi trei zote za vipande vya mraba nikazitupa, nikanunua za vipande vya duara. Agizo ni moja: barafu ya duara tu ndiyo inaingia kwenye glasi. Ile ya mapande makubwa tunayonunua mjini ni ya kupozea kreti za soda tu, na chupa ikitoka humo inafutwa mdomo kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunguliwa. Sasa nikiwa hata upande wa pili wa ukumbi naona kwenye glasi kama kuna kosa. Umeme ukikatika barafu ikayeyuka, inamwagwa, haigandishwi tena.

Maji ya chupa yalikuwa kazi ndogo. Nanunua yenye alama ya shirika la viwango, UNBS, na wageni nawaambia waivunje pete ya kizibo wenyewe. Isipokatika kwa sauti, chupa irudishwe.

Mswaki ndio ulionisumbua. Niliweka chupa ya maji yaliyochemshwa kwenye rafu ya bafu, na glasi juu yake imefunikwa. Nikaongeza tangazo. Kila asubuhi nikapima kwa jicho maji yaliyobaki. Wiki nzima chupa zilikuwa zimejaa vilevile. Mtu anayeamka saa kumi na moja na usingizi machoni hasomi ukuta, mkono wake unakwenda kwenye bomba wenyewe.

Usiku mmoja likanijia wazo: chupa isikae kwenye rafu, ikae ndani ya sinki. Simamisha chupa katikati ya sinki, chini kabisa ya mdomo wa bomba, glasi ikiwa imefunika kichwa chake. Sasa mgeni hawezi kutumia sinki bila kwanza kuinua chupa kwa mkono wake. Akishaishika, na mswaki uko mkono wa pili, anamimina. Kesho yake chupa tano kati ya saba zilikuwa zimepungua, na mbili zilikuwa karibu tupu. Msichana wa usafi anaisafisha, anaijaza upya na kuirudisha palepale kila siku. Nilifurahi siku ile kama niliyejenga ghorofa.

Tangazo lenyewe sasa liko hivi, limebandikwa usawa wa macho ya mtu aliyeinama sinki:

"Mgeni wetu mpendwa. Maji ya bomba hili ni ya kunawa na kuoga. Kwa kupiga mswaki, kusukutua, kumezea dawa na kukorogea chakula cha mtoto, tumia chupa iliyo ndani ya sinki. Yamechemshwa jana jioni. Ukioga, funga mdomo. Barafu yetu ni ya duara na imetengenezwa kwa maji yaliyochemshwa. Ukiona kipande cha mraba kwenye glasi yako, irudishe kaunta. Chupa ya dukani ifungue mwenyewe. Ukiishiwa maji usiku, gonga mlango wa mapokezi saa yoyote."

Yule mwenye hoteli alilisoma akasema ni refu mno. Nikampeleka bafuni nikamwonyesha chupa.