Siku Tuliyowaonyesha Wanachama Kihenge cha Bati

Asubuhi moja ya Agosti 2013 nilifika kwenye ghala la chama chetu cha ushirika, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Babati, nikiwa na karatasi mbili za hotuba mfukoni. Nilikuwa katibu wa chama, na bodi ilikuwa imenipa kazi ya kufungua maonyesho kwa kuwatambulisha wanachama kwa kihenge kipya cha bati na kwa fundi aliyekitengeneza. Wanachama walikuja kama sitini hivi, lakini mabenchi ya mbele waliyaacha wazi wakakaa nyuma, chini ya ukuta, kama watu waliokuja kusikiliza kesi. Niliposema, "Ushirika hoyee!" waliojibu walikuwa wajumbe wa bodi na watoto waliokuwa wakichungulia dirishani.

Sababu niliijua. Misimu miwili nyuma chama kilinunua dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi kutoka kwa muuzaji mmoja, na gharama yake tukaikata kwenye malipo ya mbaazi za wanachama. Wakachanganya dawa kwenye mahindi kama walivyoelekezwa, na kufika Desemba magunia mengi yalikuwa na unga mwingi kuliko punje. Mpaka leo sina uhakika kama dawa ile ilikuwa imepitwa na wakati au ilikuwa bandia, ila nina uhakika kwamba sahihi iliyokuwa kwenye hati ya ununuzi ilikuwa yangu.

Adui mwenyewe alikuwa dumuzi, yule mdudu mdogo wa rangi ya kahawia iliyokoza, mwenye umbo la kipande cha kijiti. Asili yake ni Amerika, na huku kwetu alionekana kwanza upande wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazee wengine walimwita Skania, kwa kumfananisha na malori, na jina lilimfaa, kwa sababu hutoboa punje, kigunzi, gunia la plastiki na hata miti ya kihenge cha asili. Tulikuwa tumetafuta chombo cha bati kwa sababu hiyo hiyo: bati hawezi kulitoboa.

Hotuba niliyoiandika ilianza kwa sifa za kihenge. Nilipoziona nyuso zile niliirudisha mfukoni, nikaanza na mahindi yangu mwenyewe. Niliwaambia kwamba mwaka uliotangulia nilinunua kihenge cha fundi huyu kwa fedha zangu, nikakijaza magunia matano, na baada ya miezi miwili nikakuta mahindi ya juu yameota ukungu na yananuka pombe. Dumuzi hakuwamo hata mmoja, lakini chakula pia hakikuwepo. Kosa, nilisema, lilikuwa langu: niliyaanua mahindi juani saa nane mchana nikayamimina yangali na joto, tena hayakuwa yamekauka sawasawa, kisha nikakisimamisha kihenge barazani mahali panapopigwa na jua la jioni. Mchana bati lilipata moto, usiku likapoa, na unyevu uliotoka kwenye punje ukageuka kuwa matone chini ya mfuniko na kudondoka juu ya mahindi. Gunia hupumua, bati halipumui, na kile kinachomzuia dumuzi kupata hewa ndicho hicho hicho kinachouzuia unyevu kutoka.

Mwenyekiti alinitazama kwa jicho kali, maana alitarajia nisifie bidhaa. Nyuma, hata hivyo, watu wawili watatu walisogea benchi moja mbele.

Kisha nikamtambulisha fundi. Sikutaja vyeti vyake wala mafunzo aliyopata, ingawa alikuwa amefundishwa utengenezaji wa vihenge na alikuwa tayari kueleza. Nilinyoosha mkono kuelekea juu, kwenye gata la bati lililozunguka paa la ghala tulimokaa, nikasema kwamba mtu aliyelehemu gata lile ndiye huyu, na kwamba limepita masika manne. Wote waliinua macho. Fundi, mtu mfupi, mpole, mwenye makovu mikononi ya kuunguzwa na risasi ya kulehemea, alisimama akasema "Shikamooni wazee," na kukaa tena.

Hapo mzee mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria. "Katibu, gata likivuja tunaona maji. Hicho kikivuja, tutaona nini?"

Nilimpisha fundi ajibu. Alisema kwamba kabla ya kukabidhi kihenge, hukiingiza ndani ya chumba chenye giza, huwasha taa na kuitia ndani, kisha huzunguka nje akikagua kila mshono. Penye tundu, hata dogo kama ncha ya sindano, mwanga hujitokeza. Hakuishia kwenye maneno. Tulifunga milango na madirisha ya ghala, tukaning'iniza mazulia mahali penye nyufa, na yule mzee akaombwa akikague mwenyewe. Alichukua muda mrefu. Alipapasa mshono wa ubavuni kuanzia juu hadi chini, akapiga magoti kwenye mlango mdogo wa kutolea nafaka, na hatimaye akasema kwamba haoni kitu, kwa sauti ya mtu ambaye angependa kuona.

Kihenge chenyewe kilimfikia mtu mzima kifuani, kipana kiasi cha kukumbatiwa na watu wawili, kikiingia kilo 500, yaani magunia matano ya kilo mia. Juu kilikuwa na mfuniko wa kujazia, chini mlango wa kutolea, na kote kuwili fundi alifungia kwa utepe wa tyubu ya baiskeli uliopakwa grisi.

Baada ya hapo ilikuja zamu ya chupa, na hapa ndipo mama mmoja mjane, mwanachama tangu chama kilipoanzishwa, alipoyachukua maonyesho mikononi mwake. Tulikuwa tumeandaa kipimo cha ukavu ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya nyumbani: chupa ya kioo iliyokauka kabisa, vijiko viwili vya chumvi iliyokaangwa kidogo ili iwe kavu, na mahindi mpaka theluthi ya chupa. Unaifunga, unaitikisa dakika tatu, unaiacha itulie. Chumvi ikishuka chini yote, mahindi yamekauka. Ikigandia kwenye kioo, bado yana maji.

Mama yule alikataa mahindi tuliyoyaandaa. Alitoa yake kwenye kanga, akatikisa chupa mwenyewe, na chumvi ikaganda kwenye kioo kama vumbi kwenye dirisha la basi.

"Chumvi yenu ndiyo mbichi," alisema.

Nilitaka kumbishia, lakini fundi aliniwahi. Alimpa chupa nyingine tupu na chumvi ile ile, akamwomba aitikise bila mahindi. Chumvi ilicheza ndani ya chupa na kushuka yote. Mama aliitazama chupa moja, akaitazama ya pili, kisha akasema kwamba mahindi yake yalipukuchuliwa juzi na yalikuwa yamenyeshewa yakiwa shambani. Sidhani kama neno lolote langu siku ile lilifanya kazi kama chupa ile isiyo na mahindi.

Fundi aliongeza jambo ambalo muuzaji mwingine angelinyamazia. Alisema kipimo cha chumvi hutenganisha tu mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 15 na yale yaliyo chini ya hapo, ilhali kihenge cha bati kinataka chini ya asilimia 14. Kwa hiyo chumvi ikishashuka, usikimbilie kujaza. Anika siku mbili tena, kisha yaache kivulini usiku kucha yapoe.

Mshumaa ndio ulioleta ubishi mkubwa zaidi. Baada ya kujaza kihenge kwa mahindi makavu yaliyochangwa na wanachama, mengine yakiwa na dumuzi hai tuliowaacha kwa makusudi, fundi aliweka mshumaa uliowashwa kwenye kisahani juu ya nafaka, akafunga. Kijana mmoja akauliza inakuwaje mshumaa uzimike kwa muda mfupi namna ile halafu tuambiwe kwamba wadudu wamekufa. Alikuwa na haki. Fundi alikiri kwamba mshumaa hauui. Katika hewa ya kawaida oksijeni ni asilimia 21, na mshumaa huzimika ikiwa bado imebaki karibu asilimia 16, ambayo dumuzi huishi nayo bila taabu. Mshumaa hupunguza tu ile hewa ya juu. Iliyobaki huimaliza wadudu wenyewe kwa kupumua, siku baada ya siku, mpaka inawaishia. Wakiwa wengi huisha upesi, wakiwa wachache huchelewa. Ndiyo maana kihenge kinapaswa kujazwa mpaka juu, na ndiyo maana anayekifungua kila wiki kuchota debe moja, hasa mwezi wa kwanza, anawapelekea wadudu hewa mpya.

Kuhusu bei hatukuwa na jibu zuri. Kihenge kimoja kilikaribia thamani ya mahindi yote yanayoingia ndani yake kwa bei ya wakati wa mavuno, na mzee wa mlangoni alilisema hilo waziwazi: "Ninunue chombo kwa bei ya chakula?" Nilijibu kwamba kwa msimu mmoja hasara ni dhahiri, na kwamba anayeuza mahindi yake yote Agosti hana haja nacho hata kidogo. Kinamfaa anayeweka mpaka Februari, na kinamfaa kwa miaka mingi asipokiacha kikapata kutu chini. Kwa hiyo kikae juu ya chaga, si sakafuni.

Kabla ya kutawanyika tuliweka pembeni gunia moja la mahindi yale yale, bila dawa. Wanachama walitaka kihenge kitiwe kufuli, na ufunguo wakampa mama wa chupa, si mimi.

Tulikifungua mwishoni mwa Oktoba. Yeye ndiye aliyefungua mlango wa chini, akakinga ungo, akapepeta mbele ya watu. Unga ulikuwepo, kidogo, uliotafunwa kabla hewa haijaisha, na dumuzi walikuwepo, wakavu, wakidondoka kama ganda la mtama. Kisha akafungua gunia la pembeni, akaingiza mkono na kuutoa ukiwa mweupe mpaka kwenye kiwiko. Fundi alichukua oda nne siku ile, pungufu ya nilivyotarajia. Mama hakuagiza. Aliuliza kama anaweza kutengenezewa cha magunia mawili tu, kwa kuwa anaishi peke yake, na alipoambiwa kwamba inawezekana, akasema atarudi akishauza mbaazi, ila kwanza ataleta taa yake mwenyewe.