Siku asilimia 26 yangu ilipogeuka 11

Mwezi wa tatu 2023 niko kwa wakili hapa Nairobi, kampuni yetu ya kutafutia malori mizigo kati ya Mombasa na Nairobi imepata mnunuzi, dola milioni 4. Usiku kucha nimepiga hesabu, nina hisa asilimia 26 kwa hiyo milioni moja na ushee, mke wangu nishamwambia kabisa.

Tulianza wawili na mwenzangu, nusu kwa nusu. Raundi ya kwanza ya wawekezaji tulichukua laki 3 kwa asilimia 20, tukabaki na 40 kila mtu. Raundi A 2019 wakaja wengine na milioni 2 wakachukua 25, na wakataka tutenge hisa asilimia 10 za wafanyakazi kabla hela yao haijaingia, yani hizo 10 zikatoka kwetu sisi wa zamani, wao hazikuwagusa. Sisi wa zamani tukabaki na 65, na mimi asilimia 40 ya hizo, ndo nikashuka mpaka 26. Kusema kweli kushuka kule hakukuniuma, sababu 40 ya kampuni ya milioni moja na nusu ni laki 6, na 26 ya kampuni ya milioni 8 inapita milioni 2. Macho yangu yote yalikuwa kwenye asilimia.

Wakili, mama mtu mzima, akavuta ule mkataba wa 2019 akaweka kalamu kwenye mstari mmoja. "Mwanangu, hapa ulipasoma?" Wawekezaji wa raundi zote mbili wanarudishiwa kwanza hela yao yote, halafu kinachobaki wanagawana tena na sisi kwa hisa zao. Akaandika: milioni 4 toa milioni 2 toa laki 3, inabaki milioni 1.7, asilimia 26 yake ni 442,000.

Nikamuuliza kwani si ndo kawaida yao? Akasema kurudishiwa kwanza ni kawaida, ila mara nyingi mwekezaji anachagua moja, hela yake au fungu lake la hisa, sio vyote. Ingekuwa hivyo ningepata karibu laki 7. Na kampuni ingeuzwa milioni 40 mstari ule ungekula sehemu ndogo tu ya fungu langu, unauma pale bei inapokuwa ndogo, na toka riba za Marekani zipande 2022 nani alikuwa anapewa bei kubwa?

Tukasaini, maana mishahara ilikuwa imebaki ya miezi miwili.

Kilichoniumiza zaidi ni jioni ofisini. Dada aliyekuwa anapokea simu za madereva toka mwanzo alikuwa na nusu asilimia kwenye zile 10, na mimi ndo nilimwambia akubali mshahara mdogo kwa ajili ya hizo hisa. Badala ya elfu 20 ikawa elfu 8 na mia 5, na hapo hajatoa bei ya kuzinunua. Akaniangalia akauliza, "Kaka, kwani wewe hukuusoma huo mkataba?"

Nikamwambia sikuusoma.