Siku moja na muuza matunda, soko kuu Mtwara

Saa 11 alfajiri nishafika. Mzigo wa parachichi wa Njombe umeshushwa usiku, nachambua, napanga, yaliyokomaa huku magumu kule, mpaka saa 3 hakuna cha kusimulia.

Saa 4 ndo kaja dada mmoja. Anaminya. Parachichi moja baada ya jingine kwa dole gumba, anarudisha, anachukua jingine. Watu wanasema wauza matunda tuna roho mbaya, jamani, pale dole linapozama kesho ndani panakuwa peusi na wa kulaumiwa ni mimi. Nikamwambia dada angu lifumbate na kiganja chote, likibonyea kidogo basi limeiva. Kanijibu, "Kwani wewe unaona ndani?"

Ndani sioni, ila kikonyo nakiona. Nikamchukulia moja, nikakisukuma kwa ukucha kikatoka kirahisi, chini yake kijani cha njano, nikamwambia hili la leo mchana. Pangekuwa kahawia limeshapita, na kikonyo kikigoma bado. Ila usining'olee yote, maana lililobanduliwa linaanza kuozea hapohapo. Rangi nayo usiiamini, haya ya Hass yakiiva yanakuwa meusi, ya kienyeji mengine yanabaki kijani mpaka mwisho.

Alitaka matano, na leo ni Alhamisi, wageni wake Jumapili. Nikampa mawili ya leo na matatu magumu, akanuna eti nampa mabichi. Parachichi haliivi mtini mama, linaiva likishachumwa, yafunge kwenye mfuko wa kaki na ndizi mbivu, friji usiyapeleke mpaka yalainike.

Sasa akageukia nanasi, akataka la kijani kabisa akaliivishe nyumbani vilevile. Hapo nikakataa. Nanasi likishakatwa linaweza kubadilika rangi na kulainika lakini utamu hauongezeki, ulivyolikata ndivyo utakavyolila. Kaanza kuvuta jani la katikati, huo mtihani kila mtu anao, ila jani hutoka hata kwenye nanasi chachu. Nikamgeuzia kitako anuse: lina harufu tamu, njano imeanzia chini inapanda, na ukilinganisha na jirani yake lina uzito. Harufu ingekuwa ya pombe ningeliweka pembeni.

Embe hakunisumbua sana, nilimwonyesha tu mabega ya dodo pembeni ya kikonyo, yamejaa na kuvimba, hata kama ganda bado kijani. Akanusa, akachukua.

Karibu nusu saa kwa mteja mmoja, na bado akaomba nimpunguzie.

Mchana jua, wateja wachache, miguu inauma, sijui hata saa ngapi nilikula. Jioni nikayatenga yale maparachichi aliyoyaminya, nikampa kaka wa juisi kwa nusu bei, aliyakata palepale akayatumia yote.