Kikokotoo kilisema ni sawa, na bado jibu lilikuwa na kasoro mbili

Mtoto wa kaka yangu, ambaye naishi naye hapa Manyatta, Kisumu, yuko kidato cha tatu. Swali lililotukalisha mezani mpaka chakula kikapoa lilikuwa hili: tafuta kipeuo cha pili cha 7.2 × 10⁻⁵, jibu liwe katika umbo lake sahili kabisa. Aliandika 3√8 × 10⁻². Nikamwambia kuna makosa mawili hapo, na kila moja lina njia yake ya kukamatwa.

Kabla sijaeleza, jirani aliyekuja kuazima chaja akatoa ushauri wake. Alisema tuiandike namba kwa desimali, yaani 0.000072, kisha tuhesabu sufuri zilizo baada ya nukta. Ziko nne, basi kipeo ni −4, nusu yake ni −2, kijana yuko sawa! Ushauri huu naukuta kila mahali na unaniudhi, kwa sababu kinachohesabiwa si sufuri, ni hatua za nukta. Kutoka 0.000072 hadi 7.2 nukta inaruka nafasi tano, na hadi 72 inaruka sita. Sufuri nne hazikuhusiana na lolote.

Kijana mwenyewe alifika kwenye −4 kwa njia nyingine. Alijua kipeo cha −5 hakigawanyiki kwa mbili bila kubakiza, kwa hiyo akaigeuza 7.2 iwe 72. Hapo alikuwa sahihi kabisa. Namba ya mbele ikizidishwa kwa kumi, kipeo lazima kishuke kwa moja. Lakini kushuka kutoka −5 ni kwenda −6, naye akaenda −4 kwa kuwa macho yaliona 4 ni ndogo kuliko 5. Nikamchorea mstari wa namba, nikamwambia aweke kidole kwenye −5 na asogee kushoto. Akafika −6 bila kuambiwa.

Kisha nikamfundisha kipimo ninachokitegemea kuliko vyote: chukua jibu, ulizidishe kwa lenyewe, uone kama unarudi kwenye swali. 3√8 mara 3√8 ni 9 × 8, yaani 72. 10⁻² mara 10⁻² ni 10⁻⁴. Tunapata 0.0072, ilhali swali lilikuwa 0.000072. Kosa la kipeo likajitokeza lenyewe. Hata bila karatasi mtu anaweza kukisia: 0.008 mara 0.008 ni 0.000064, na 0.009 mara 0.009 ni 0.000081. Jibu lazima liwe kati ya 0.008 na 0.009, kwa hiyo kipeo ni −3.

Akasahihisha, akaandika 3√8 × 10⁻³, akazidisha tena, akapata 0.000072. Akafurahi. “Shangazi, imerudi!” Ni kweli ilirudi, na hapa ndipo kipimo kile kinapofikia mwisho wake. Akachukua kikokotoo chake, kile kinachotoa desimali tu: 3√8 ni 8.485. Nikamwambia apige na 6√2. Ni 8.485 pia. Thamani ni moja, kwa hiyo wala kikokotoo wala kuzidisha hakuwezi kukuambia kwamba umeacha kurahisisha njiani. Msahihishaji yeye ataona, na swali lilitaka umbo sahili kabisa.

Kwa kosa hili unaitazama namba iliyobaki chini ya alama ya kipeuo, basi. Uliza kama inagawanyika kwa 4, 9, 25 au 49, ambayo ni miraba ya namba tasa 2, 3, 5 na 7. Kwa namba yoyote isiyofika 100 hiyo minne inatosha. Huna haja ya kujaribu 16 wala 36, maana zote zina 4 ndani yake. Kijana alikuwa ameona 9 ndani ya 72, akatoa 3, akaacha 8. Lakini 8 bado ina 4 ndani yake. Inatoka 2, inazidishwa na ile 3 iliyokwisha kutoka, inabaki 6√2. Chini imebaki 2, haigawanyiki tena. Jibu ni 6√2 × 10⁻³.

Nikampa nyingine, 4.5 × 10⁻⁷. Akaigeuza 45 × 10⁻⁸, akatoa 9, akaandika 3√5 × 10⁻⁴, akazidisha kuhakiki, akaiuliza 5 maswali yake manne. Akaniuliza kama haifai kusogeza nukta tena mwishoni. Haifai: ukipanga vizuri mwanzoni, namba chini ya alama inakuwa kati ya 1 na 100, kwa hiyo kipeuo chake kiko kati ya 1 na 10, mahali panapotakiwa. Ukiona namba ya mbele imevuka 10, rudi kwenye mstari ule ulipogeuza kipeo.