Jinsi nilivyokadiria bajeti ya katuni ya dakika mbili na nusu

Bajeti yangu ya kwanza ya filamu fupi ya katuni niliiandika jioni moja hapa Kampala, na kosa lake kubwa lilikuwa katika siku za wahuishaji, yaani watu wanaozipa katuni mwendo. Filamu ilikuwa ya sekunde 180, nami nikadhani mhuishaji angemaliza sekunde tatu kwa siku, yaani siku 60. Kwa malipo ya shilingi 80,000 kwa siku, nikapata milioni 4.8. Rafiki aliyewahi kuifanya kazi hii alinishauri nilipie kwanza kipande kimoja, tena kisiwe chepesi.

Nikachagua sekunde nane ambamo mama anamfunga mwanawe kamba za viatu. Zilichukua siku tano, mbili kati yake zikiwa za marekebisho niliyoyataka mwenyewe, kwani vidole vinavyoshika kitu huachana nacho kila unaposogeza mkono. Kasi halisi, basi, ilikuwa sekunde 1.6 kwa siku, na filamu nzima ingedai siku 113, zaidi ya milioni 9 ambazo sikuwa nazo.

Malipo sikuyagusa. Niliifupisha hadithi hadi sekunde 150, na 40 kati ya hizo nikazifanya za mandhari tu, kamera ikipita juu ya mabati yenye mvua, kazi niliyoweza kuifanya mwenyewe. Sekunde 110 zilizobaki zilihitaji siku 69, yaani shilingi 5,520,000. Kwa kuwa kipande cha majaribio kilikuwa kigumu kuliko vingi, makadirio hayo yalikuwa na akiba ndani yake.

Programu haikunigharimu kitu, kwa sababu Blender haina ada. Nilinunua diski mbili za nje za kuhifadhia nakala.

Kwa upande wa kurenda, yaani kompyuta kuikokotoa kila picha ya mwisho, sekunde 150 kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 3,600. Nilipima fremu nyepesi, ya wastani na ya mvua usiku, nikapata wastani wa dakika nne, ambao ni saa 240 za kompyuta moja. Nilizidisha mara mbili, maana daima kuna kivuli chenye kasoro kinachogunduliwa baadaye, na fremu zake hurendwa upya. Kompyuta yangu hula takriban wati 450, hivyo saa 480 ni yuniti 216 za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Umeme ukikatika, video inayoandikwa kwa mkupuo huweza kuharibika yote. Nilihifadhi kila fremu kama picha ya PNG na kuzima chaguo la `Overwrite` katika Blender, ili fremu zilizokwisha zisirudiwe na kazi iendelee pale ilipokomea.

Muziki ndio ulionichelewesha. Wimbo wa zamani nilioutaka ulikuwa na haki mbili tofauti, ya utunzi na ya rekodi, na mwenye rekodi alikubali matumizi ya matamasha pekee, kwa mwaka mmoja. Ningeiweka filamu mtandaoni, ningelazimika kulipa upya, na mtunzi bado sikuwa nimempata. Mwishowe nilimlipa mpiga kinubi cha adungu shilingi 700,000 atunge na kurekodi kipande kipya, tukasaini mkataba unaotaja matamasha, televisheni na mtandao bila ukomo wa muda.