Nilivyohesabu mauzo ya Temeke bila kidole

Mimi ni karani wa mauzo kwa msambazaji wa sabuni, ofisi iko ghorofani Kariakoo. Excel nilijifunzia kazini, kwa kuchungulia mabegani mwa wenzangu. Kujumlisha najua, kupaka seli rangi najua sana. Kwa hiyo bosi aliponiambia mwisho wa mwezi, "Nitolee ni mara ngapi mawakala wa Temeke wamevuka laki tano kwa wiki," nilimjibu, "Dakika tano tu, bosi." Zile dakika tano ziliisha kesho yake saa nane mchana.

Faili lenyewe si kubwa. Mawakala 60 wa jiji zima, wiki 4, jumla mistari 240. Safu A ina jina la wakala, safu B wilaya, safu C mauzo ya wiki. Data inaanza mstari wa 2 na kuishia wa 241.

Nilijua COUNTIF, ile inayohesabu kwa sharti moja. Nikajiambia, kama masharti ni mawili basi naziweka mbili, najumlisha:

```
=COUNTIF(B2:B241,"Temeke")+COUNTIF(C2:C241,">500000")
```

Jibu likaja 158. Zuri, limenyooka, halina kosa lolote jekundu. Nikaliandika kwenye karatasi nikaingia nalo kwa bosi kifua mbele. Akalitazama, akanitazama mimi. "Temeke nina mawakala wangapi?" Nikasema 15. "Wiki ngapi?" Nne. "Kumi na tano mara nne?" Sitini. "Sasa hao 158 wametoka wapi, Zanzibar?" Nilitoka ofisini kwake kinyumenyume.

Ukikaa nalo ukalifikiria, kosa liko wazi. Fomula ile ilihesabu mistari yote ya Temeke, hata ya mawakala waliouza sabuni tatu, halafu ikaongeza mistari yote iliyovuka laki tano, hata ya Ubungo na Kigamboni. Aliye Temeke na amevuka akahesabiwa mara mbili. Mimi nilitaka mstari unaotimiza yote mawili kwa pamoja, na alama ya kujumlisha haijui neno "pamoja".

Jioni nikampigia binamu yangu, yule anayejiita fundi wa kompyuta kwa sababu ana stika nyingi kwenye laptopu. Akasema kuna COUNTIFS, yenye S mwishoni, imo tangu Excel ya 2007. Hapo alinisaidia kweli, nampa haki yake. Unaitajia safu na sharti lake, halafu safu nyingine na sharti lake, nayo inahesabu mstari pale tu masharti yote yanapokubali. Akanishauri pia nisiandike laki tano ndani ya fomula, niiweke pembeni kwenye seli ili ikibadilika nisihangaike. Nikaandika Temeke kwenye H1 na 500000 kwenye H2. Kisha akanitumia hii kwa wasapu:

```
=COUNTIFS(B2:B241,H1,C2:C241,">H2")
```

Jibu: 0. Nikampigia tena, akaniambia labda Excel yangu ni ya kichochoroni, niisakinishe upya. Nusura nimsikilize! Bando lingeisha na sifuri ingebaki palepale. Tatizo lilikuwa ni zile alama za kunukuu. Kilichomo ndani yake Excel inakisoma kama maandishi, kwa hiyo ilikuwa inatafuta mauzo yaliyo makubwa kuliko herufi H na tarakimu 2, siyo kuliko kilichomo ndani ya seli H2. Alama ya ukubwa inabaki ndani ya kunukuu, jina la seli linatoka nje, na katikati unaviunga kwa &:

```
=COUNTIFS(B2:B241,H1,C2:C241,">"&H2)
```

Ikaleta 17. Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi baada ya ile ya Zanzibar sikuwa na imani na kitu. Asubuhi nikachapa kurasa zote, nikachukua rula na biki nyekundu, nikahesabu mstari kwa mstari kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Nikapata 23. Nikarudia. 23.

Sita wamekwenda wapi? Nikawatafuta kwenye faili mmoja mmoja. Wa kwanza ameandikwa Temeke, mauzo 640,000, mzima kabisa. Nilimkodolea macho mpaka chai ikapoa. Kilichonisaidia ni kuandika hii kwenye seli tupu pembeni yake, nikaivuta mpaka chini:

```
=LEN(B2)
```

Inahesabu herufi zilizomo kwenye seli. Temeke ina herufi 6. Jamaa yangu akasoma 7. Kumbe mwishoni kuna nafasi, haionekani kwa jicho, lakini kwa COUNTIFS "Temeke" yenye nafasi na isiyo nayo ni wilaya mbili. Herufi kubwa na ndogo haijali, temeke na TEMEKE kwake ni mamoja. Nafasi ndiyo haisamehe. Mistari ya namna hiyo ilikuwa 6, wanne kati yao wakiwa wamevuka lengo. Aliyeziingiza ni dogo wetu wa usambazaji, anaandikia simuni, na simu ukichagua neno inalokupendekezea inakuongezea nafasi yenyewe. Na hapo ndipo nilipojicheka: kama siku ya kwanza ningezitazama zile COUNTIF kila moja peke yake, ya Temeke ilikuwa 54 badala ya 60. Ilikuwa inaniambia, mimi nikaifunika kwa kujumlisha.

Dawa yake ni safu ya pembeni yenye `=TRIM(B2)`, inayokata nafasi za ziada, unaivuta chini, unanakili, unabandika thamani tu juu ya safu B, kisha unaifuta ile ya pembeni.

Ikawa 21. Wawili bado. Hawa nilishawapita mara tatu kabla sijagundua kwamba mauzo yao yameegemea kushoto mwa seli wakati ya wenzao yameegemea kulia. Mtu alikuwa ameandika 620,000/= kama anaandika risiti. Ukiweka ile /= Excel haioni namba tena, inaona maneno, na maneno hayawezi kuvuka laki tano. Nikabonyeza Ctrl+H, nikaandika /= sehemu ya kutafuta, sehemu ya kubadilisha nikaiacha tupu. Zikaruka kulia zenyewe. 23!

Nikaingia kwa bosi, safari hii taratibu. Akasoma, akatikisa kichwa, halafu: "Na waliofika laki tano kamili umewaweka?" Sikuwa nimewaweka. Alama ya > inataka zaidi ya hapo, hata kwa shilingi moja. "Kuvuka" alilosema yeye lilimaanisha kufika, kwa sababu bonasi inaanzia laki tano yenyewe. Nikabadilisha ikawa `">="&H2`, wakaongezeka watatu, 26. Watatu hao wangekuja kunisubiri ngazini, nawajua.

Wiki iliyofuata akaitaka ya Kigamboni. Nikafuta Temeke kwenye H1, nikaandika Kigamboni, jibu likatoka kabla hajamaliza kukaa. 9. Akaniuliza nina uhakika, nikamwambia asilimia mia. Alipotoka nikachapa kurasa zile nikaitafuta biki nyekundu.