Mafunzo ya Chanjo kwa Njia ya Simu

Mwishoni mwa Machi 2020, mikusanyiko ilipokuwa imezuiwa nchini, mafunzo ya watunza chanjo wa wilaya yetu yalikuwa yamebakiza siku chache tu kufanyika. Ukumbi ulikuwa umeshalipiwa na slaidi zangu zilikuwa tayari kwenye kompyuta, zenye picha kubwa za rangi na video fupi. Mratibu wa chanjo wa wilaya aliniita ofisini kwake akaniambia mafunzo hayaahirishwi, kwa sababu majokofu ya visiwani yalikuwa yameanza kugandisha chanjo na kungoja hadi hali itulie kungetugharimu. Tungefanya kwa simu. Si kwa video, maana zahanati nyingi za visiwani hazikuwa na intaneti ya kutegemewa na wauguzi wengi walikuwa na simu za batani. Kila kituo kingepiga namba moja, kiingize tarakimu za siri, na wote tusikilizane.

Nilifungua slaidi zangu jioni ile nikaanza kujiuliza kila moja inabeba nini ambacho sikio haliwezi kupata. Slaidi za maneno hazikunisumbua. Maneno yale ningeyasema. Majedwali ya kumbukumbu za joto niliyatoa yote. Msikilizaji anayesomewa safu za namba hubaki na ya mwisho peke yake, kwa hiyo nikaacha sentensi moja: chanjo zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8, soma asubuhi na jioni, andika. Shida ilikuwa kwenye picha mbili ambazo mafunzo yote yalizitegemea. Ya kwanza ilionyesha alama ya joto iliyo kwenye kichupa. Ya pili ilikuwa video ya jaribio la kutikisa.

Alama ya joto ni kitu kidogo chenye akili nyingi. Ni mduara wa rangi ya zambarau wenye mraba mdogo ndani yake. Mraba huanza ukiwa na rangi iliyopauka, na kadiri kichupa kinavyopata joto ndivyo unavyokolea, wala haurudi nyuma hata ukikirudisha kwenye baridi. Mraba ukiwa bado umepauka kuliko mduara, chanjo inatumika, mradi muda wake haujaisha. Ukishafanana na mduara, au ukiupita kwa weusi, chanjo hiyo ni ya kutupa. Alama hizi zilianza kubandikwa kwenye matone ya polio mwaka 1996, na kwenye mafunzo huonyeshwa kwa picha nne zilizopangwa kwa mstari, moja kwa kila hatua.

Niliandika maelezo ya picha hizo nne, kisha nikamwomba mtunza stoo wetu, mzee ambaye hakuwahi kufanya kazi ya chanjo, akae chumba cha pili na simu yake, karatasi na kalamu. Nilimsomea, naye akachora alichosikia. Alipoleta karatasi niliona amechora kichupa kimoja chenye alama nne zilizopangana ubavuni.

"Si umesema zipo nne?" aliniuliza.

Alikuwa na haki kabisa. Mtu anayetazama picha hujua kwa kuangalia tu kwamba ni kichupa kilekile katika nyakati tofauti. Anayesikiliza hujenga picha kwa mpangilio uleule unaoutumia kumpa maneno, na nilikuwa nimempa idadi kabla ya kumpa kitu chenyewe. Tulikaa na yule mzee tukapanga upya. Kwanza kitu kizima: "Kichupa kina alama moja tu." Halafu umbo la nje: "Alama hiyo ni mduara." Halafu la ndani: "Katikati ya mduara kuna mraba mdogo." Halafu mabadiliko: "Mduara haubadiliki. Mraba ndio unaokolea." Na mwisho swali moja la kujiuliza: mraba umeshafanana na mduara, au bado? Hatua nne sikuzitaja tena, kwa sababu muuguzi aliyeshika kichupa ana uamuzi wa aina mbili tu, kutumia au kutotumia. Mzee alichora mara ya pili, ikawa sawasawa.

Kuhusu jaribio la kutikisa, niliona hakuna maelezo ya mdomo yatakayofikia video. Lakini nilikumbuka jambo ambalo lilibadilisha mafunzo yote: kila msikilizaji wangu alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwenye jokofu lenye chanjo. Nilichohitaji ni wao wawe na vichupa mkononi wakati nazungumza.

Jaribio lenyewe ni hivi. Chanjo kama Penta, ile inayokinga magonjwa matano, na ya pepopunda huharibika zikiganda, na ile alama ya joto haiwezi kuonyesha hilo, maana yenyewe hupima joto pekee. Unachukua kichupa kimoja cha chanjo hiyohiyo, cha kiwanda hichohicho na namba ileile ya bachi, unakigandisha kwa makusudi hadi kiwe barafu tupu, kisha unakiacha kiyeyuke. Hicho ndicho cha kulinganishia. Unakishika pamoja na kile unachokitilia shaka, mkono mmoja, unavitikisa kwa sekunde 10 hadi 15, unavisimamisha mezani na kutazama kwa muda usiozidi dakika 30. Kilichowahi kuganda hutuamisha unga haraka, juu kunabaki maji maangavu. Ukiona kile cha shaka kinatuama haraka sawa na kilichogandishwa, au kukizidi, usikitumie. Kikichelewa, ni kizima.

Mratibu aliridhia kila kituo kitoe kichupa kimoja cha Penta. Siku moja kabla niliwatumia meseji fupi, iliyotosha kwenye skrini ya simu ya batani bila kukatika:

"Leo jioni gandisha kichupa 1 cha Penta, kiandike GANDA. Kesho saa 1 asubuhi kitoe kiyeyuke. Saa 4 piga simu. Weka simu mezani, sauti ya nje."

Hilo la kuweka simu mezani si dogo. Mtu aliyeshika simu sikioni hana mkono wa kutosha kushika vichupa, kuvigeuza kwenye mwanga na kuandika. Vituo ambavyo majokofu yao hayakuwa na sehemu ya kugandisha niliviambia viingie hivyohivyo na kusikiliza wenzao wakieleza wanachokiona.

Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha, na vituo vilipoingia tulisikia mabati, watoto, jogoo na injini ya boti kwa pamoja. Mtambo wa simu uliniruhusu kuzima sauti zote isipokuwa yangu, nami nikazizima. Basi nikawa nazungumza kwenye ukimya mtupu. Ukumbini ungeona nyuso. Pale huwezi kujua kama wapo au wamekatika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo kwa kuyakata mafunzo vipande vifupi, na kila kipande nilikianza kwa kusema tulipo: "Tumemaliza alama ya joto. Sasa tunakwenda kwenye kutikisa." Aliyekatika na kurudi alijua mara moja ameingia wapi. Mwisho wa kila kipande niliwasha sauti za vituo kimoja kimoja, nikiita kwa jina la zahanati.

Sikuuliza "Mmeelewa?" hata mara moja. Swali hilo hujibiwa "Ndiyo" na kila mtu, hasa mganga mfawidhi akiwa amekaa pembeni. Nilimwambia kila mmoja: "Dada, nieleze unachokiona mkononi mwako." Hapo ndipo nilipata macho. Mmoja alinieleza mduara na mraba vizuri, kisha akasema mraba wake "umepauka kuliko ule wa jana." Nikajua analinganisha na kumbukumbu yake badala ya mduara ulio pembeni yake, nikamrekebisha, na wote wakasikia.

Tulipofika kwenye kutikisa nilihesabu kwa sauti, moja hadi kumi na tano, nikijua huko upande wa pili mikono mingi inatikisa pamoja. Kisha tukasubiri. Kusubiri ndiko kugumu zaidi kwenye simu, maana ukimya wa mtu anayetazama haupishani na ukimya wa laini iliyokatika, na watu hukata wapige upya. Kwa hiyo muda huo nikaufanya wa maswali, na kila baada ya dakika chache nikasema: "Vichupa vimesimama, usiviguse, tazama sehemu ya juu."

Muuguzi mmoja wa kisiwani aliomba kuzungumza kabla hata sijamfikia.

"Vyote viwili vimefanana," alisema. "Juu maji, chini unga."

"Kile cha pili, ambacho hukukigandisha, kilikuwa wapi ndani ya jokofu?"

"Chini kabisa, kimegusa ukuta wa ndani."

Basi kile cha pili nacho kilikuwa kimeshaganda, na hakuna aliyejua kwa sababu alama yake ya joto ilikuwa nzuri kabisa. Nilimwomba anisomee namba ya bachi, na hapo nilishukuru kwamba tulikuwa tumekubaliana namna ya kusoma namba. Laini ya simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, na sehemu kubwa ya mlio wa "s" iko juu ya hapo, hivyo "sita" na "tisa" huja zikifanana sana. Utaratibu wetu ulikuwa kusoma tarakimu moja moja polepole, mimi nairudia, na kwa sita au tisa anaongeza "inayofuata tano" au "inayofuata nane." Tulifanya hivyo, mratibu akaandika.

Kisha nilimwelekeza atoe vichupa vyote vya Penta vilivyokuwa sehemu ileile ya chini, avifunge pamoja na kuviandika "usitumie". Vile vya kwenye kikapu cha juu alichagua kimoja, akakitikisa pamoja na kile cha kulinganishia wakati wote tunamsubiri. Hicho kilibaki cheupe kama maziwa muda mrefu baada ya mwenzake kutuama. Vya kikapuni vilikuwa salama.

Kuna jambo moja ambalo simu haikuweza. Wauguzi wawili walikuwa na vichupa vya matone ya polio ambavyo mraba wake, kwa maneno yao, "unakaribia kufanana." Hakuna swali ningeweza kuuliza la kunifanya nione rangi ile. Mmoja alisema kama bilinganya, mwingine kama wino, na sikuwa na njia ya kujua bilinganya ya nani ni nyeusi zaidi. Niliamua palepale kwamba shaka ya rangi haikatwi kwa simu: kichupa hicho kinatengwa ndani ya jokofu, kwenye mfuko wenye maandishi, hadi msimamizi afike akione kwa macho, na leo watoto wachanjwe kwa kichupa kingine. Mratibu alikubali, akaweka visiwa vya wauguzi hao wawili mwanzo wa ratiba ya boti ya usimamizi, pamoja na kisiwa cha muuguzi aliyehitaji Penta mpya.